Barua ya mwalimu mkuu kuomba fedha za printa mpya ya mitihani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila walimu wakuu wa Dodoma wanapokutana, iwe ni Bahi, Chamwino, Kongwa au mjini. Majibu yameandikwa kwa kufuata shule ya msingi ya serikali. Mkuu wa shule ya sekondari asome "bodi ya shule" panapotajwa kamati ya shule, na divisheni ya sekondari panapotajwa ya msingi. Bei zote humu ni za mfano wa kupigia hesabu tu. Kwenye barua yako weka za ankara kifani ulizopata mwenyewe.

## Kabla ya kushika kalamu

Barua inaandikwa kwa nani hasa? Afisa Elimu au Mkurugenzi?

Inaandikwa kwa Mkurugenzi, kwa sababu ndiye mwenye kasma. Kama uko wilayani ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, na kama uko mjini ni Mkurugenzi wa Jiji. Barua inapitia kwa Afisa Elimu Kata, anayeweka maoni yake na saini, kisha inafika kwenye Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi, ambako ndiko itakakofanyiwa kazi.

Barua iliyoruka kata kwa kawaida hurudishwa ikapitie kata, na hapo wiki mbili zimekwenda. Usipeleke ombi la printa moja kwa moja OR-TAMISEMI pale Mtumba eti kwa kuwa uko karibu. Ukaribu wa barabara haubadilishi ngazi.

Kwa nini nisinunue tu kwa ruzuku ya uendeshaji?

Swali hili ndilo atakalouliza mchumi wa halmashauri, kwa hiyo lijibu kwenye barua kabla hajaliuliza. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imepangwa kuwa sh. 10,000 kwa mwaka, na ya sekondari sh. 25,000, lakini sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo usipige hesabu kwa 10,000 kamili. Chukua taarifa ya benki ya miezi 12, jumlisha kilichoingia kweli, kisha onyesha kiasi kinachoangukia fungu la mitihani.

Fungu hilo linabeba karatasi na wino, na shule nyingi haliachi chenji. Ukionyesha kwamba bei ya mashine ni sawa na fungu la mitihani la miaka miwili au mitatu, hoja imeshasimama. Ukiandika tu kwamba "ruzuku haitoshi", utaambiwa kila shule inasema hivyo.

Niandike mwezi gani?

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, na Baraza la Madiwani huipitisha kabla Bunge halijaanza kikao cha bajeti mwezi Aprili. Ombi linalofika Oktoba au Novemba linaweza kuingizwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Linalofika Mei limekuta meza imeshaondolewa, labda litegemee mabaki ya mapato ya ndani.

Printa ikifa ghafla mwezi Machi, andika barua mbili: ya dharura, ukiomba matengenezo au msaada wa kuchapishiwa mtihani ulio mbele yako, na ya pili ukiomba mashine iingizwe kwenye bajeti. Kuchanganya mawili haya kwenye karatasi moja humpa msomaji nafasi ya kutekeleza dogo na kusahau kubwa.

## Ushahidi wa uchakavu

Nitathibitishaje kwamba printa imechakaa, si kwamba imechafuka tu?

Anza na kaunta. Printa nyingi za leza zinaweza kutoa karatasi yenye idadi ya kurasa zilizochapishwa tangu mashine izaliwe. Ingia kwenye menyu, tafuta `Reports`, kisha `Usage Page` au `Configuration Page`. Majina hutofautiana kidogo. Chapisha karatasi hiyo, igonge muhuri, iambatishe. Mtu anaweza kubishana na neno "chakavu", lakini hawezi kubishana na kaunta inayosema 214,600.

Baada ya hapo chapisha ukurasa mmoja wa mtihani wenye mchoro na uusome kama fundi:

Alama au doa likijirudia kwa umbali uleule kuanzia juu hadi chini, kuna kitu cha mviringo kilichoumia, mara nyingi dramu. Maandishi yakifutika ukiyapitishia kidole, fyuza haipati joto la kutosha kuyeyusha wino ukashika karatasi. Kama karatasi zinakwama palepale zinapovutwa kutoka kwenye trei, au zinavutwa mbilimbili, rola zimekwisha meno. Maandishi kufifia peke yake si ushahidi wa uchakavu, kwani huenda ni tona imeisha. Badilisha tona kwanza ndipo useme.

Ambatisha kurasa mbili hivi mbaya zilizochapishwa, na kwa kalamu zungushia tatizo. Afisa aliyeona swali la Hisabati ambalo mstari wa pembe tatu umekatika katikati haelezwi tena.

Kwa Dodoma kuna jambo la ziada. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya trei, hasa ofisi yenye dirisha la nondo lisilo na kioo. Vumbi hufanya rola ziteleze hata kama bado ni nzima. Kwa hiyo fundi asafishe kwanza, apime tena, na taarifa iseme kwamba alisafisha. Bila hivyo utajibiwa kwa neno moja: "Safisheni."

Taarifa ya ufundi iandikwe na nani?

Afisa TEHAMA wa halmashauri. Mwombe kwa barua fupi au kwa simu kupitia Afisa Elimu Kata, aje au umpelekee mashine. Taarifa ya fundi wa mtaani inasaidia kwenye bei za vipuri, lakini peke yake ina udhaifu: huyo huyo ndiye angependa kukuuzia mashine.

Taarifa nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inataja namba ya mashine, namba ya mali ya shule, kaunta, vipuri vilivyokufa, bei ya kila kipuri, na pendekezo moja lililo wazi.

Je, kama matengenezo ni nafuu kuliko kununua mpya?

Hapa ndipo barua nyingi huangukia, kwa hiyo tuchukue shule moja ya mfano tuifuate hadi mwisho.

Shule ina wanafunzi 400 wa darasa la III hadi la VII wanaofanya mtihani wa kuchapishwa. Masomo ni 6, kila karatasi ina kurasa 4. Mtihani mmoja ni 400 × 6 × 4, yaani kurasa 9,600. Kwa mwaka kuna mitihani minne, ya nusu muhula na ya mwisho wa muhula, hivyo ni kurasa 38,400. Majaribio ya kila wiki ya darasa la IV na la VII hatujayagusa.

Printa iliyopo ni ndogo ya mezani. Fundi anasema inahitaji fyuza sh. 420,000, dramu sh. 260,000 na rola sh. 90,000. Jumla ni sh. 770,000. Printa mpya ya ofisi, inayochapisha pande mbili yenyewe, ni sh. 1,850,000. Kwa macho ya haraka matengenezo hayafiki nusu ya bei, na afisa yeyote makini atasema tengenezeni.

Sasa angalia kinachokuja baada ya matengenezo. Tona ya mashine ndogo inauzwa sh. 90,000 na boksi linasema kurasa 3,000. Namba hiyo hupimwa kwa ukurasa uliofunikwa na wino kiasi cha asilimia 5 tu. Mtihani wenye michoro, majedwali na vichwa vizito hula zaidi. Weka kurasa 2,000. Wino wa ukurasa mmoja unakuwa sh. 45. Mashine inachapisha upande mmoja, na rimu ya sh. 12,000 yenye karatasi 500 inafanya kila ukurasa ule karatasi ya sh. 24. Jumla sh. 69 kwa ukurasa, na kwa kurasa 38,400 ni sh. 2,649,600 kwa mwaka.

Mashine mpya inatumia tona ya sh. 180,000 inayotajwa kuwa ya kurasa 10,000. Iteremshe hadi 7,000 kwa sababu ileile. Wino ni kama sh. 26, karatasi pande mbili sh. 12, jumla sh. 38. Kwa mwaka ni sh. 1,459,200.

Tofauti ni sh. 1,190,400 kila mwaka. Fedha ulizookoa kwa kutengeneza badala ya kununua zilikuwa sh. 1,080,000. Zimeliwa kabla mwaka haujaisha, na bado una mashine yenye kaunta ya laki mbili na zaidi.

Hesabu hii nayo ina mpaka wake. Shule yenye wanafunzi 90 wa kufanya mtihani ina kurasa 8,640 tu kwa mwaka, na tofauti yake ya mwaka ni kama sh. 268,000. Hapo mashine mpya ingehitaji miaka minne kurudisha gharama. Shule ya namna hiyo iombe matengenezo, na itasikilizwa haraka zaidi.

Nisiweke gharama ya steshenari? Kule wanatoza sh. 100 kwa ukurasa.

Weka kama kweli mnalipa na risiti zipo. Lakini shule nyingi, printa ikifa, hazipeleki kitu steshenari. Mwalimu anaandika mtihani ubaoni na watoto wananakili maswali kwanza ndipo wajibu. Kudai kwamba mtaokoa sh. 3,840,000 ambazo hamjawahi kuzitumia ni kujiharibia, maana mkaguzi wa ndani atauliza hati za malipo.

Kama hali yenu ni ya ubaoni, iseme hivyo hivyo. Taja muda: mtihani wa saa moja na nusu unachukua nusu saa ya kunakili, na swali lenye ramani au umbo halichoreki sawa na walimu watatu tofauti. Hiyo ni hoja ya taaluma, na kwangu mimi ina uzito kuliko akiba ya kubuni.

## Barua yenyewe

Naomba mfano wa barua.

Huu hapa, kwa namba za shule ya hapo juu. Juu yake weka kichwa cha barua cha shule na namba ya kumbukumbu.

> Kumb. Na. ............  Tarehe ............
>
> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ............,
> S.L.P. ............,
> DODOMA.
>
> K.K. Afisa Elimu Kata,
> Kata ya ............
>
> YAH: OMBI LA SH. 2,350,000 KWA AJILI YA KUBADILISHA PRINTA YA MITIHANI ILIYOCHAKAA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Shule inatumia printa moja kuchapisha mitihani ya ndani ya wanafunzi 400 wa darasa la III hadi VII, kurasa 38,400 kwa mwaka. Printa hiyo ilinunuliwa mwaka 2019 na hadi sasa imechapisha kurasa 214,600. Fyuza, dramu na rola zimekufa, kama inavyoonekana kwenye taarifa ya Afisa TEHAMA (Kiambatisho A) na kurasa za majaribio (Kiambatisho B).
>
> 3. Matengenezo yatagharimu sh. 770,000. Hata hivyo, gharama ya wino na karatasi kwa mashine hiyo ni sh. 2,649,600 kwa mwaka, ikilinganishwa na sh. 1,459,200 kwa mashine inayopendekezwa. Mchanganuo uko Kiambatisho C.
>
> 4. Kamati ya shule katika kikao chake cha tarehe ............ iliridhia ombi hili (Kiambatisho D). Fungu la mitihani la ruzuku litaendelea kugharamia wino na karatasi.
>
> 5. Kwa barua hii naomba sh. 2,350,000: printa sh. 1,850,000, tona mbili sh. 360,000 na stabilaiza sh. 140,000. Ankara kifani tatu zimeambatishwa (Kiambatisho E).
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> (Saini, jina na muhuri)
> MWALIMU MKUU
>
> Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule

Kiasi cha fedha kiko kwenye kichwa cha habari kwa makusudi. Anayepanga mafaili mezani hasomi aya ya tano. Na ile sentensi ya mwisho ya aya ya 4 usiiache, kwa sababu inamwambia Mkurugenzi kwamba hutarudi mwezi ujao kuomba tona.

Naweza kutaja aina ninayoitaka?

Taja sifa, usitaje kampuni. Andika: leza ya rangi moja nyeusi, inachapisha pande mbili yenyewe, trei ya karatasi zisizopungua 250, tona ya kurasa 10,000 au zaidi, vipuri vinapatikana Dodoma mjini. Ukitaja kampuni moja, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kitakuuliza sababu, na kwa kawaida huna inayokubalika.

Sifa ya vipuri ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mashine nzuri ambayo dramu yake lazima isubiriwe na basi kutoka Dar es Salaam itakukwamishia mtihani.

Hoja ya usiri wa mitihani niiweke?

Weka kwa sentensi moja, na iwe sahihi. Mitihani ya taifa, kama wa darasa la IV na la VII, huletwa na Baraza la Mitihani ikiwa imechapishwa na kufungwa. Printa ya shule haihusiki nayo. Ukiandika kwamba printa mbovu inahatarisha mtihani wa taifa, umejionyesha hujui kazi yako. Usemacho ni kuhusu mitihani ya muhula na moko za kata: faili likienda steshenari kwa flashi, linabaki kwenye kompyuta ya mtu asiye mwajiriwa wa shule.

## Baada ya barua kupokelewa

Mwezi umepita kimya. Nifanyeje?

Hakikisha kwanza ilipokelewa masjala: nakala yako iwe na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kisha muulize Afisa Elimu Kata faili liko meza gani. Baada ya siku 30 andika barua ya kukumbushia ya aya moja inayotaja namba ya kumbukumbu ya ile ya kwanza, bila kurudia hoja. Mfuko wa Jimbo ni mlango mwingine, ila nao unapitia halmashauri, kwa hiyo mjulishe Mkurugenzi. Asije akasikia kwa diwani.

Fedha zimeingia akaunti ya shule. Naweza kwenda dukani?

Hapana. Ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST, na malipo yanafuata taratibu za akaunti ya shule. Muulize mhasibu anayesimamia kata yenu hatua za halmashauri yenu kabla hujamwahidi muuzaji chochote. Siku ya kupokea, kamati ya mapokezi iwashe mashine na kuchapisha kurasa kadhaa pande mbili, isihesabu maboksi tu. Tona iliyokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya kuanzia, yenye kurasa chache kuliko ile inayouzwa peke yake. Ndiyo sababu barua iliomba tona mbili za ziada.

Printa ya zamani niiuze kama chuma chakavu?

Usiiuze, na usimpe fundi avune vipuri. Ni mali ya umma hadi ifutwe kwa utaratibu. Ibaki kwenye daftari la mali ikiwa na maelezo "mbovu", iwekwe stoo, na iombewe kufutwa kupitia halmashauri. Mkaguzi akikuta mashine mpya na ya zamani haionekani, maswali yatakuwa yako.

## Hali zisizo za kawaida

Printa ilitolewa na mfadhili na haimo kwenye daftari la mali.

Iingize leo, kwa tarehe ya leo, ukieleza ilivyopatikana na kuambatisha barua ya mfadhili kama ipo. Usirudishe tarehe nyuma. Huwezi kuomba kubadilishiwa kitu ambacho kwenye maandishi hakijawahi kuwepo.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Niombe UPS?

Omba stabilaiza. Printa ya leza inapopasha fyuza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo ya kompyuta huzidiwa, ikalia au kuzima. Kompyuta iwe kwenye UPS, printa iwe kwenye stabilaiza yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya mashine. Shule inayotumia sola ndogo imwonyeshe fundi wati hizo kabla ya kuomba, kwani mifumo mingi ya taa na kuchaji simu haiwezi leza kabisa.

Wazazi wako tayari kuchanga wenyewe.

Nia yao iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, lakini mwalimu mkuu asipokee fedha mkononi wala asiweke kiwango kwa kila mtoto. Michango ya hiari inahitaji kibali na inaratibiwa kupitia kwa Mkurugenzi. Mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga anapewa karatasi ya mtihani kama wenzake.

Shule tatu za kata moja, kila moja ina printa mbovu. Tuombe pamoja?

Inafaa kama kurasa za shule zote kwa mwaka zinapita laki moja hivi. Hapo hata mashine ya kudurufu inaingia kwenye hesabu, kwa kuwa gharama yake kubwa ni ya kutengeneza masta, yaani stensili ya kutolea nakala, moja kwa kila ukurasa. Nakala 20 ni ghali, nakala 400 ni rahisi sana. Barua iwe moja, isainiwe na walimu wakuu watatu na kupitia kwa Afisa Elimu Kata, na iseme wazi mashine itakaa shule ipi, itaandikwa kwenye daftari la nani, nani anashika ufunguo, na wino utanunuliwa kwa uwiano gani. Uwiano wa kurasa ni rahisi kuusimamia kuliko wa idadi ya wanafunzi: kila shule inaandika kaunta kabla na baada ya kuchapisha, inasaini, na inalipia ilichotumia.